Yahya Ataja Tarehe

Kosa la kwanza lilikuwa la Farouk. Alipokopa elfu ishirini kwa Yahya, mwezi wa tatu, ili anunue mashine ya kujaza upepo kwenye magurudumu, aliahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mwezi upi, hakusema. Kosa la pili lilikuwa la Yahya, ambaye hakuuliza. Yahya ni fundi cherehani wa soko la Kibuye, mtu ambaye mteja akichelewesha shilingi mia ya kukatiwa suruali humfuata mpaka kwenye vibanda vya mitumba akimwita kwa jina la baba yake. Lakini kwa rafiki, ulimi wake huwa kama umefungwa uzi.

Mwezi wa tatu ukaisha, wa nne ukaisha, wa tano, wa sita, wa saba. Yote ilikuwa na mwisho wake, kama kawaida ya miezi. Yahya akangoja.

Kisha Laila, bintiye, akapata nafasi ya kusomea uuguzi. Nyumba nzima ilipiga vigelegele, na majirani wakaja kunywa chai. Mkewe Mariamu ndiye aliyeisoma ile barua mpaka mwisho, kwa maana wengine wote waliishia kwenye neno "hongera". Huko chini iliandikwa kwamba mwanafunzi aripoti tarehe ishirini na nane mwezi wa nane, akiwa amelipa elfu thelathini na nane za kuanzia, na asiyelipa nafasi yake atapewa mwingine.

"Tunazo kumi na nane," Mariamu akasema. "Na Farouk ana ishirini. Hesabu imekaa sawa. Kamkumbushe."

"Nitamtumia meseji."

"Meseji gani? Ijumaa kumi na moja sasa unamwandikia, unafuta, halafu unamtumia 'Ijumaa njema' na picha ya waridi. Nenda mwenyewe, Baba Laila. Umwambie kwa upole: ndugu yangu, Laila anaripoti chuoni tarehe ishirini na nane, ile elfu ishirini naomba iwe imefika kufikia ishirini na saba. Basi. Hakuna ugomvi hapo. Na utaje tarehe! Usiporudi na tarehe usirudi."

Yahya aliyarudia maneno hayo usiku kucha mpaka Mariamu akahamia kitanda cha Laila.

Siku ya Kibuye kuchangamka ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu, tarehe nne, Yahya alifunga cherehani akaenda Kisian, kwa Farouk. Hakutaka kwenda mikono mitupu, maana mtu anayekuja kudai mikono mitupu anafanana na askari wa kaunti. Akabeba mkate, sukari kilo mbili, na suruali mpya ya kitambaa kizuri aliyomshonea Farouk bila malipo. Aliona hiyo ni akili. Suruali italainisha mambo.

Farouk alikuwa kando ya barabara, amepiga magoti mbele ya gurudumu la lori, mashine ikinguruma nyuma yake. Alipomwona Yahya aliacha gurudumu, akaacha na mwenye lori, akamkumbatia kwa mikono ya grisi. Wametoka mbali hawa wawili. Walitahiriwa wiki moja, wakasoma madrasa moja, wakafukuzwa madrasa hiyo siku moja. Farouk ndiye aliyempeleka Yahya kuposa, na Yahya aliposhindwa kuongea mbele ya wakwe, ni Farouk aliyesema kila kitu, mpaka baba yake Mariamu akauliza kwani bwana harusi ni yupi.

"Naeema!" Farouk akamwita mkewe. "Mgeni! Kamata jogoo!"

"Hapana, mimi nimekuja tu..."

"Umekuja tu ndiyo! Kaa!"

Akakaa. Sasa hebu niambie, nani anaweza kumdai mtu ambaye anamkimbizia jogoo uani? Yahya alijipa moyo kwamba atasema wakila. Walipokaa kula, sentensi ya Mariamu ilipanda mpaka kooni ikasimama hapo, na nyama ikashindwa kupita. Alimumunya paja la kuku kwa nusu saa. Alimshika Farouk mkono, akaubana, akasema, "Farouk, ndugu yangu," kisha akashusha pumzi ndefu na kutazama mashine ya upepo. Machozi yakamlenga. Farouk akangoja. Yahya akasema, "Mchuzi ni mtamu sana," akainuka, akawaaga watoto mmoja mmoja kwa mkono, akaenda zake.

"Tarehe?" Mariamu akauliza mlangoni.

"Alikuwa na kazi nyingi."

"Umekula nini?"

"Kuku."

Mariamu alimtazama tu, na ni heri angesema.

Jumatatu iliyofuata alirudi, safari hii na shati. Farouk alimtazama lile shati, akamtazama yeye, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini unanipa vitu vyako?" Yahya akasema ni mapenzi tu. Wakaletewa samaki aina ya ngege, wawili wakubwa wa kukaanga, na pilau, na soda, na majirani wawili wakaitwa kumchangamsha mgeni. Alikuwapo Frankline, mwenyekiti wa stegi ya bodaboda, na Terry, mama mwenye duka la unga ambaye pia ni mweka hazina wa kila chama kilichopo Kisian. Yahya hakuweza kudai mbele ya watu. Alilamba pilau kama paka mgonjwa, akashusha pumzi mara tisa, na alipoondoka Farouk alimsindikiza mpaka barabarani amemshika mkono kama anavukisha kikongwe.

"Umekuwa mwembamba," Farouk akamwambia.

"Ni mambo tu."

"Mambo yapi? Niambie mimi. Mimi si mtu wa nje."

Lo! Mlango wenyewe ulifunguliwa wazi. Yahya alifungua kinywa. Akakiona kile kipara cha rafiki yake, yale macho ya huruma, ile suruali mpya aliyoivaa kwa heshima yake. Akakifunga.

"Nitakuja tena Jumatatu," akasema kwa taabu. "Mungu akipenda."

Farouk alirudi kibandani kwake akijifuta macho na kitambaa cha grisi, lakini Yahya hakuliona hilo, alikuwa ameshageuka kwenda kwa Mariamu na adhabu yake.

Na adhabu ilikuja. Mariamu alimwambia kwamba zimebaki wiki mbili, kwamba Laila ameshanunua viatu vyeupe, kwamba kama yeye anaona haya basi atakwenda yeye Mariamu na kipaza sauti. Laila mwenyewe alikuwa akipiga pasi sare yake ya uuguzi, ambayo Yahya alikuwa ameishona kwa mkono wake, na kila alipomaliza aliikunjua akaanza upya. Hilo lilimuuma Yahya kuliko maneno yote ya mkewe. Akaapa. Jumatatu hii anasema kabla hajakaa, kabla hajapewa hata maji.

Jumatatu, tarehe kumi na nane, saa kumi jioni, alifika Kisian bila zawadi yoyote, midomo ikicheza, akirudia, "Ishirini na saba, ishirini na saba."

Mbele ya kibanda cha Farouk kulikuwa na turubai. Chini ya turubai kulikuwa na viti vya plastiki vipatavyo arobaini, na kwenye viti kulikuwa na watu. Mbuzi mweusi alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Terry alikuwa mezani na daftari na bakuli la pesa. Yahya akadhani pamefiwa. Akavua kofia, akanyanyua viganja aombe dua, na watu wote wakamgeukia na kumtazama kwa huzuni kubwa mno. Mama mmoja akaanza kulia.

Naeema alimdaka kabla hajafika, akamvutia nyuma ya kibanda, kwenye pipa la maji.

"Shemeji," akamwambia, "nakuuliza swali moja, na unijibu haraka. Wewe unaumwa au unadai?"

"Nini?"

"Mume wangu anasema unakufa. Anasema umekuja kuaga. Huli, unalia, unagawa nguo, unashika watoto mkono. Wiki mbili hajalala. Ameitisha mchango wa hospitali, watu wametoka mpaka Otonglo. Mimi nikamwambia, mtu anayekufa hatazami mashine ya upepo vile. Haya, unaumwa?"

"Mimi ni mzima kabisa, shemeji."

"Basi unadai."

Yahya akatazama chini kama mtoto aliyejikojolea. "Kidogo," akasema.

"Kidogo!" Naeema akashika kiuno. "Sikia. Ndani nina mkebe. Siku ulipokuja mara ya kwanza mkebe ulikuwa na elfu kumi na nane na mia tano, tulikuwa tunatafuta ile iliyobaki tukuletee zote pamoja. Jogoo na mapambo yake, elfu moja mia sita. Samaki na pilau na soda za hao walafi, elfu mbili mia nne. Yule mbuzi unamwona? Elfu saba! Shemeji, hiyo ni pesa yako unayokula! Ukija Jumatatu mbili zaidi utakuwa umejilipa mwenyewe kwa tumbo!"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nani, mimi? Mwanamke amwambie mgeni wa mume wake usile? Wewe ndiye unayedai, sema wewe! Na useme kabla mbuzi hajachinjwa."

Hapo kipaza sauti kikalia, na Frankline akaanza kazi yake, kwa maana Frankline akishika kipaza sauti hata kumpokonya ni shida.

"Wapendwa! Mgonjwa wetu amefika! Kwa miguu yake, jameni, mpigieni makofi! Omera, ndugu yangu, njoo hapa mbele, kaa, usijichoshe. Mwenzetu ana ugonjwa ambao hataki kuutaja, na sisi hatutamlazimisha. Mama Terry, tuko wapi?"

"Elfu tisa, mia tatu na hamsini," Terry akasoma.

"Tisa mia tatu na hamsini! Na sasa Bwana Farouk anataka kuongea."

Farouk alisimama, amevaa ile suruali mpya. Alijaribu kuongea akashindwa, akajaribu tena.

"Huyu," akasema, "ni ndugu yangu. Aliponiona sina kitu alinipa. Hakunidai hata siku moja. Miezi mitano, hata neno! Sasa anaondoka duniani, na bado anakuja kuniletea mkate." Akamwaga machozi waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. "Naeema, lete mkebe. Yote iliyomo, elfu saba na mia tano, natoa. Akatibiwe."

Watu wakapiga makofi. Frankline akajumlisha kwa vidole, akapotea, na Terry akamsaidia: elfu kumi na sita, mia nane na hamsini.

Yahya alikaa kwenye kiti cha mgonjwa na ile namba ikamzunguka kichwani. Tusimsingizie utakatifu. Mtu huyu alikuwa na binti mwenye viatu vyeupe na siku tisa mbele yake. Kumi na sita, mia nane na hamsini, ukiongeza na zile za nyumbani, unapungukiwa elfu tatu na ushei, na hizo zinakopeka. Kilichohitajika ni kukohoa tu. Akohoe mara mbili, ashukuru, apande pikipiki, Laila aende chuoni. Halafu apone polepole, watu wanapona kila siku. Hatakuwa amemdai rafiki yake, hatakuwa amemwaibisha, na deni lenyewe litakuwa bado lipo palepale, zima, la kungojwa mpaka mwisho wa mwezi wowote ule. Hata kikohozi chenyewe kilianza kumwasha kooni.

Akainua macho akutane na Farouk ili aanze kukohoa. Farouk alikuwa amemwinamia, ameshika mkebe mtupu kifuani, uso umemvimba kwa kulia wiki mbili. Na huko nyuma Mama Seline, bibi muuza omena, alikuwa anajivuta kuja mbele na noti ya shilingi hamsini iliyokunjwa mara nne.

"Mimi si mgonjwa," Yahya akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, na bahati mbaya Frankline alikuwa ameshamwekea kipaza sauti mdomoni. Barabara nzima ya Busia ikasikia.

"Ndivyo wanavyosema wote," mtu akanong'ona.

"Haki ya Mungu, mimi ni mzima! Nina nguvu zaidi ya huyo mbuzi!" Akasimama, na yale maneno ya wiki mbili yakatoka yote kwa mkupuo, bila kituo, kama maji ya bomba lililokuwa na hewa. "Ndugu yangu Farouk Laila anaripoti chuoni tarehe ishirini na nane ile elfu ishirini naomba iwe imefika kufikia ishirini na saba basi hakuna ugomvi."

Hata mbuzi alinyamaza.

"Ishirini na saba ya mwezi gani?" Frankline akauliza, maana hawezi kuacha.

"Wa huu! Jumatano ijayo, si kesho kutwa, ile ya mbele!"

Farouk alikuwa hajasogea. "Kwa hiyo hufi," akasema.

"Sifi."

"Yule kuku uliyeshindwa kula..."

"Nilishindwa kukudai."

"Na kulia?"

"Nilikuwa najionea huruma."

Farouk aliweka mkebe chini, akamshika Yahya mabega yote mawili, na watu waliokaa karibu wakavuta viti nyuma. "Mjinga wewe!" akapiga kelele. "Mbwa wewe! Nimekuota kwenye sanda! Nimemwambia mama yangu mzee, ameanza kufunga! Usiku wa Alhamisi nilikwenda pale nyuma nikalia mpaka majirani wakadhani ni fisi! Na wewe ulikuwa unataka elfu ishirini tu!" Kisha akamkumbatia, akamnyanyua juu, akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya mno, cha mtu aliyefungiwa mahali na sasa katolewa.

Waliokuwa wametoa mchango hawakucheka mara moja. Walipanga mstari kwanza. Terry alisoma majina na kila mtu akarudishiwa chake, na lazima isemwe kwamba mstari wa kurudishiwa ulienda kasi mara tatu kuliko ule wa kutoa. Waliaula mwenye bucha, aliyemuuza mbuzi, alikubali kumchukua tena kwa elfu sita na mia saba.

"Nilikupa saba!" Naeema akasema.

"Mia tatu ni usumbufu. Na amekula majani yako, ameshiba, si yule yule."

Mama Seline peke yake alikataa kuirudisha noti yake kibindoni. Alisema ameshaitoa, hajui habari za kurudisha, binti akanunue kalamu.

Wakabaki wanne na mezani kukiwa na elfu kumi na nne na mia mbili. Naeema alihesabu, Terry akahesabu tena, kwa sababu Terry hawezi kuona pesa bila kuihesabu, na Yahya akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

"Zimebaki tano na mia nane," Farouk akasema. "Nikizitafuta kwa magurudumu ya malori, siku tisa, zitapatikana. Ishirini na saba. Umesikia nikitaja? Ishirini na saba."

"Hata ukichelewa siku moja..."

"Yahya!" Naeema akaruka. "Usianze!"

Yahya akafunga vifungo vya koti. "Ishirini na saba," akasema. "Usichelewe."

Ilimtoka rahisi tu. Alishangaa. Farouk aliitikia kwa kichwa, hakukasirika, wala uso wake haukubadilika. Na siku hiyo Yahya alikula ugali na mboga zilizopikwa siku ile kwa watu wa nyumbani, sahani tatu.

Siku tisa hizo Farouk alifanya kazi kuanzia alfajiri. Alituma mia tano, akatuma mia nane, siku ya mvua akatuma mia moja na hamsini na kuandika pole. Yahya kila alipoona pesa imeingia alijibu "nimepata, imebaki kadhaa," akataja kiasi kilichobaki, na Mariamu akasimama nyuma yake kuhakikisha haongezi picha ya waridi. Jumatano tarehe ishirini na saba, saa mbili asubuhi, ikaingia elfu moja na mia mbili, na hapakubaki kitu. Saa nne Laila alikuwa benki. Saa tano alikuwa ameshika stakabadhi, anaizungusha zungusha Kibuye nzima, akimwonyesha hadi muuza vitunguu.

Yahya alikaa kwenye cherehani yake, akashindwa kutunga uzi. Macho yalikuwa hayaoni tundu. Akampigia Farouk amwambie asante, akaisikia mashine ya upepo ikinguruma huko, kisha ikazimwa.

"Asante ya nini?" Farouk akasema. "Pesa ni yako. Laila amelipa?"

"Amelipa."

"Alhamdulillahi." Yahya alimsikia akivuta kamasi. "Lakini sikiliza, na usicheke. Siku ukiumwa kweli, usije kwangu kushusha pumzi na kutazama mashine. Unaniambia siku ileile. Unasikia? Mimi nilishakuzika mara moja, na sikuweza."

Yahya aliushika tena uzi, akaanza kuutafutia tundu.

"Umesikia, wewe?" Farouk akafoka.

"Nimesikia."

"Sema lini utaniambia."

"Siku ileile," Yahya akasema. "Siku ileile, ndugu yangu."